Mpigie, mwandikie au umtumie voisi? Namba mpya ya mtu wa biashara hapa Nyanda za Juu Kusini

Nanunua viazi mviringo Umalila na vijiji vya juu ya Uyole, nawauzia watu wa Iringa na Dar es Salaam. Kila msimu naletewa namba za watu nisiowajua: mkulima, dalali, dereva wa Fuso, ofisa manunuzi wa hoteli. Kabla ya kuwaza bei najiuliza kwanza, huyu nimpigie, nimwandikie au nimtumie voisi? Nimepoteza watu wazuri kwa kukosea hapo, kwa hiyo naandika kwa ajili ya anayeanza.

Nianze na jibu langu, sababu zitafuata. Mkulima mtu mzima aliyeko kijijini, mpigie kwanza. Mfanyabiashara wa mjini au mtu wa ofisini, mwandikie kwanza, halafu mpigie akikupa nafasi. Voisi kwa mtu mpya subiri, mpaka yeye mwenyewe aanze kukutumia au umwombe akubali. Na awe nani, idadi, bei, siku na saa viandikwe, hata kama mmeongea nusu saa nzima.

Napima hivi: mzigo unamwangukia nani? Ukipiga simu unamwomba mtu muda wake wa sasa hivi, lakini salio ni lako na sauti yako inasikika ikimheshimu. Ukiandika unamwachia achague saa ya kusoma, ila unamtaka awe na macho mazuri na mazoea ya kusoma kwenye kioo kidogo. Ukituma voisi, wewe umerahisishiwa kazi kwa sababu umesema tu ukaachia kitufe. Mwenzako ndiye atafute pembe ya kusikilizia, atumie bando lake, na asikilize mpaka mwisho ndipo ajue unataka nini. Mtu anayekufahamu atakubebea mzigo huo bila neno. Asiyekufahamu atajiuliza huyu ni nani anayenihutubia.

Voisi ya dakika mbili na sekunde arobaini

Msimu mmoja nilipewa namba ya mzee wa Umalila mwenye viazi vilivyokomaa. Nikapiga mara mbili, haipatikani. Kule mabondeni mtandao unakuja na kuondoka, na mzee alikuwa na kitochi. Aliyenielekeza akanipa namba ya mjukuu wake mwenye simu janja. Nikaona hapo ndipo pepesi. Nikasimama pembeni ya stendi ya Nane Nane, nikabonyeza kitufe cha sauti, nikaongea: salamu, jina langu, nani kanipa namba, viazi vya aina gani nataka. Katikati ya maneno hayo nikasema nahitaji gunia sitini, elfu sitini na tano kwa gunia la kilo 100 bila lumbesa, na kwamba ninakuja Alhamisi. Mwisho nikamwambia kijana, "Mfikishie babu."

Kijana alimfikishia kweli. Babu alikuwa barazani dukani na wanaume wenzake, kijana akaweka simu katikati yao, spika juu kabisa, akacheza. Kwa hiyo bei yangu na yule mzee ikawa bei ya baraza zima. Pale alikuwepo jirani aliyekuwa ameshauza kwa dalali kwa bei ya chini ya hiyo, na wengine wawili waliotaka mzee awaingize kwenye mzigo wake. Mzee wa watu akakaa katika hali ya kujieleza kwa majirani kwa jambo ambalo hata hajalikubali.

Halafu kuna ile namba. Nilipokuwa nasema "sitini", basi lilipiga honi nyuma yangu. Wao wakasikia "sabini". Voisi haina mahali pa mtu kuuliza "umesema ngapi?", na kijana hakutaka kunisumbua. Mzee akachimba gunia sabini.

Alhamisi nilifika na Fuso na fedha za gunia sitini, shilingi 3,900,000. Barabarani zimepangwa gunia sabini. Kumi za ziada ni 650,000 ambazo sikuwa nazo mkononi, na kiazi kikishachimbwa hakirudishwi ardhini. Kikikaa juani siku mbili tatu kinaanza kuwa kijani, na cha kijani mnunuzi mwenye akili anakikataa, kwa sababu kina uchungu na kina sumu. Nilipakia zote, nikaahidi zile kumi nitalipa jioni, nikalipa usiku baada ya kukopa. Hatukugombana. Mzee alisema sentensi moja tu wakati nafunga turubai: "Mwanangu, ungenipigia mimi."

Msimu uliofuata aliuza kwa mtu mwingine. Najua sababu haikuwa zile fedha, maana zilifika. Nilimtumia mjukuu ujumbe wa babu yake, na biashara ya mtu mzima nikaitangaza barazani. Kama simu haipatikani, ningemwomba kijana kitu kidogo kwa maandishi: "Naomba umwambie babu nitapiga kwenye simu yako leo saa 1 jioni, kama ataweza kuwa karibu." Hapo kijana angekuwa mlango, babu ndiye angekuwa mwenye nyumba.

Simu: muda wake na mwendo wake

Simu ndiyo yenye heshima kubwa kuliko zote kwa mtu mzima wa kijijini, na pia ndiyo rahisi kuvurugika, kwa sababu inaingia nyumbani mwa mtu bila kujua amekaa vipi. Kwa hiyo muda ni nusu ya heshima. Mkulima wa huku asubuhi yuko shamba, mikono ina udongo, simu iko mfukoni mwa koti au imeachwa nyumbani. Ukimpigia saa 3 asubuhi ataipokea akihema, atajibu "ndiyo, ndiyo", na usiku hatakumbuka alikubali nini. Mimi napiga kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 2 kasoro. Ikifika saa 2 usiku wazee wengi wanataka taarifa ya habari, waache. Jumapili asubuhi sipigi kabisa. Huku kwetu Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki wamejaa ibadani, na ibada ikiisha kuna mnada wa mazao ya sadaka nje ya kanisa, kwa hiyo mtu anarudi nyumbani mchana umeshaenda.

Simu ya kwanza niliyompigia mzee mwingine, mwaka uliofuata, ilikwenda hivi, na sikuona sababu ya kuiharakisha:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja jina na mahali ninapokaa. "Namba yako nimepewa na mama anayenunua viazi pale Uyole, yule mlimuuzia msimu uliopita. Sijui nimekukuta na nafasi, au nipige baadaye?"

"Nafasi ipo. Habari za huko mjini?"

"Nzuri baba. Habari za nyumbani, habari za mvua?"

"Mvua inanyesha, mwanangu, tangu juzi haijakata. Barabara ya kushukia huku imeanza kuteleza."

Angalia maneno hayo ya mwisho. Mtu mwenye haraka angeona tunapoteza dakika kwa salamu. Lakini kwa kuuliza mvua nilishajua kwamba Fuso halitashuka mpaka kwenye shamba, kwamba viazi vitabebwa hadi barabara kubwa, na gharama ya ubebaji lazima iingie kwenye mazungumzo ya bei. Salamu za huku zina kazi. Ukizikata unamvunjia mtu heshima na unajinyima habari.

Cha pili cha kuangalia ni mpangilio: jina, aliyenipa namba, kisha kuomba nafasi, na viazi havijatajwa bado. Jina la aliyekutuma ndilo linalokufungulia. Bila hilo, namba ngeni inayouliza bei inasikika kama dalali anayepima soko, au tapeli. Na swali la nafasi liwe la kweli. Akisema "niko msibani", usiongeze hata nusu sentensi kuhusu mzigo. "Pole sana baba, Mungu awatie nguvu, nitakutafuta siku nyingine", unakata, na unampa siku kadhaa mpaka watu watawanyike.

Kuhusu lugha za nyumbani: ukimpigia mtu wa Rungwe na "ugonile", au wa Njombe na Iringa na "kamwene", unafungua uso wake, hilo nimeliona mara nyingi. Ila kama unajua salamu hiyo tu, itoe moja kisha rudi kwenye Kiswahili bila kuigiza. Kumfanya mtu aamini mnatoka kijiji kimoja, halafu agundue sivyo, kunaharibu zaidi kuliko kutosalimia kwa kilugha.

Mtu akikosa kupokea, rudia mara moja baada ya muda, basi. Simu tano mfululizo kutoka namba ngeni huku zinamaanisha kuna kifo au ajali, na utamkuta amepokea huku moyo unamwenda mbio. Baada ya mara ya pili, andika: "Shikamoo baba, nilipiga kuhusu viazi, namba nimepewa na mama wa Uyole. Nitapiga tena kesho saa 1 jioni." Kisha piga saa hiyohiyo uliyosema.

Usimbipu mtu mpya, wala usimtumie ule ujumbe wa "tafadhali nipigie". Mnunuzi ndiye mwenye shida, mnunuzi ndiye analipia dakika. Yeye akikubipu, hakukosei adabu. Anaweza kuwa na dakika za mtandao wake tu, na wewe uko mtandao mwingine. Acha ilie, ikikatika umpigie. Na ukiwa naye hewani usiweke spika mbele ya dereva na wapakiaji bila kumwambia. Yaliyonipata barazani yanaweza kumpata na yeye kutoka upande wangu.

Meseji: kwa nani inatangulia, na inaandikwaje

Kwa mtu wa ofisini mambo yanageuka. Ofisa manunuzi wa hoteli ya Iringa, mwenye duka la jumla pale Mwanjelwa, au mtu wa kampuni inayokusanya parachichi Njombe, anapigiwa siku nzima na watu wa aina yangu. Simu yangu kwake ni mtu mwingine anayemkatisha mbele ya mteja. Meseji inamwachia nafasi ya kumaliza kazi, kusoma, kuuliza bosi wake, na kujibu akiwa na jibu. Hapo kuandika ndiyo kubisha hodi.

Lakini kuna jambo la salamu ambalo wengi tunalikosea. Uso kwa uso unasalimia, unangoja uitikiwe, ndipo unasema shida. Tabia hiyo tunaipeleka kwenye meseji: tunaandika "Habari" peke yake, tunangoja. Mtu anaona namba ngeni, "Habari", hakuna jina, hakuna neno. Ajibu nini? Akijibu "Nzuri", unaandika "Mzima?", na amekwama kwenye mazungumzo na mtu asiyemjua. Katika maandishi, salamu na shida zikae kwenye ujumbe mmoja. Mimi naandika hivi:

"Habari za asubuhi. Naitwa (jina), nauza viazi mviringo kutoka Umalila, Mbeya. Namba yako nimepewa na muuzaji wa mboga anayewaletea karoti. Naomba kujua kama mnapokea viazi kutoka kwa watu wapya, na saa ambayo naweza kukupigia bila kukusumbua. Asante."

Sikuweka bei. Sikuweka picha kumi za magunia. Sikuweka namba ya kulipia. Hilo la mwisho ni muhimu kwa sababu kila Mtanzania ameshapokea "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ujumbe wa kwanza kutoka namba ngeni ukitaja fedha au malipo, hata kwa nia njema, unasomwa kwa jicho hilo na kufutwa. Ndiyo sababu pia kwa mzee wa kijijini sianzi na meseji: kwake maandishi ya mtu asiyemjua yananukia utapeli, na mara nyingi atampa mtu mwingine amsomee, tukarudi barazani.

Shikamoo ya maandishi ni nzuri ukiwa na hakika mtu amekuzidi umri. Kama hujui, "Habari za asubuhi" au "Habari za kazi" haimkosei yeyote. Nimewahi kumwandikia "shikamoo" ofisa ambaye baadaye nilikuta ni binti mdogo kwangu. Alicheka kwa adabu, lakini mazungumzo yalikaa vibaya kwa wiki nzima, kwa sababu ilionekana namlamba miguu ili apokee mzigo. Na ukiandika, andika neno zima. "Shkmoo", "cjui", "xaxa" ni za marafiki. Salamu iliyokatwa herufi inamwambia mtu mzima kwamba hata kumsalimia kumekuchosha.

"Nitumie bei" na "Naomba unitumie bei" zina tofauti ya neno moja, ila kwenye simu sauti yako ingelainisha ile ya kwanza, na kwenye maandishi hakuna sauti. Kwa hiyo "naomba" na "tafadhali" zinabeba kazi ya sauti. Vivyo hivyo "Sawa" peke yake ni baridi mno kwa mtu mpya. "Sawa mama, nimekupata, asante" inatosha.

Ukishatuma, tulia. Tiki za bluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa kwenye simu yake. Hazisemi kama ana muda. Nampa siku nzima ya kazi kabla ya kukumbusha, na ukumbusho wangu hauna alama za kuuliza mfululizo wala "mbona kimya?". Naandika, "Habari za leo, narudi kwenye ujumbe wangu wa jana kuhusu viazi. Ukipata nafasi naomba jibu, hata kama ni hapana." Nimejibiwa mara nyingi kwa sababu ya yale maneno manne ya mwisho, maana mtu anapewa ruhusa ya kukataa bila aibu.

Kwa mwenye kitochi kumbuka pia ufundi wake. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, na ukitia kikatuni kimoja cha uso unaotabasamu inashuka hadi 70. Inaanza kukatwa vipande, unatozwa zaidi, na kwake kile kikatuni kinaweza kutokea kama kisanduku kitupu. Andika maneno matupu, mafupi.

Mahali ambapo simu na maandishi lazima vikutane

Turudi kwa mzee wa pili, yule wa mvua. Tuliongea dakika kumi na moja. Tukakubaliana gunia hamsini za viazi aina ya Kikondo, kilo 100 kwa mzani, bila lumbesa, elfu sitini na mbili, nakuja Jumatano. Kwa simu peke yake, mambo matano hayo yangebaki kichwani mwa watu wawili wenye shughuli nyingi. Kwa hiyo kabla ya kukata nikamwambia: "Baba, mimi nasahau sana namba. Naomba niziandike nikutumie, uniangalizie kama nimekosea."

Maneno hayo nimeyachagua. Ukimwambia mtu mpya "nithibitishie kwa maandishi", anasikia humwamini. Ukisema kumbukumbu yako ndiyo dhaifu, na unamwomba yeye akusahihishe, umemweka juu yako, na karatasi imepatikana vilevile. Nikaandika:

"Baba, tumesema: gunia 50 za Kikondo, kilo 100 kila moja, bila lumbesa. Tsh 62,000 kwa gunia, jumla 3,100,000. Nafika Jumatano saa 4 asubuhi, barabara kubwa. Kama nimekosea naomba nirekebishe."

Saa niliandika "saa 4 asubuhi" kwa makusudi. Kijijini saa 10 ni alfajiri au jioni. Kwa mtu wa ofisi Dar es Salaam anayesoma saa ya simu, "saa 10" anaweza kuiona kama 10:00, yaani saa nne yetu asubuhi. Wakati wa kuongea, mtu anaona jua mwenyewe na anaelewa. Kwenye maandishi, bila "asubuhi" au "jioni" unaweza kuacha gari limesimama nusu siku. Na lumbesa iandikwe wazi kila mara, hata kama Wakala wa Vipimo wanaikataza, kwa sababu "gunia" peke yake kila mtu ana lake kichwani.

Baada ya nusu saa alinibipu. Nikapiga. "Nimesomewa na mama watoto," akasema, "ziko sawa, ila uandike na ubebaji." Kumbe tulisema ubebaji ni juu yangu na mimi nimeusahau. Nikaandika tena, mstari mmoja. Hapo meseji ilinisaidia kweli, ikakamata kosa langu Jumatatu usiku kabla halijawa ugomvi Jumatano asubuhi. Ingetokea tukaingia kwenye mabishano makubwa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ujumbe ukataliwe kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Voisi nayo inaingia humo, ila kuitafuta bei ndani ya voisi nane za mwezi mzima ni kazi, wakati meseji unaifungua na kuisoma.

Wakati wa kulipa ulipofika, namba ya kutumia fedha nilimwomba aitume yeye kwa meseji, siyo aitaje hewani, maana tarakimu moja ikipotea hewani fedha zinakwenda kwa mtu mwingine. Nilipoingiza, jina lililotokea lilikuwa la kike. Sikubonyeza. Nikampigia: "Baba, jina linasoma la mama fulani, niendelee?" Akasema ni mkewe. Swali kama hilo kwa meseji lingeonekana la kutilia shaka. Kwa sauti lilionekana la uangalifu, na alinishukuru.

Voisi inapokubalika

Sijaichukia. Baada ya mzunguko mmoja wa biashara, mtu akianza kunitumia voisi mwenyewe, kumjibu kwa mistari miwili mikavu ndiko kunakuwa baridi. Hapo namjibu kwa sauti. Kuna mambo mengine maandishi yanayachosha: kumwelekeza dereva akifika kanisani apinde wapi na asiingie ile njia ya daraja bovu, au kueleza kwa nini viazi vya safari hii vina macho mengi. Kwa mtu asiye na mazoea ya kusoma lakini ana simu janja, na mkapishana saa za kupigiana, voisi fupi inamstahi kuliko aya ndefu itakayomlazimu kutafuta msomaji.

Naomba kwanza, "Naweza kukutumia voisi fupi kuhusu njia?" Akikubali, naenda mahali palipotulia, nasema jina na jambo lenyewe katika sekunde kumi za mwanzo, na sivuki dakika moja. Naisikiliza mwenyewe kabla ya kuituma. Bei siitaji ndani yake hata kidogo, kwa sababu sijui atacheza mbele ya nani. Namba zote nazifuatisha chini kwa maandishi. Pole za msiba na kuomba radhi situmi kwa voisi kwa mtu mpya, napiga.

Ninaye mteja wa Dar es Salaam ambaye tangu siku ya kwanza ni voisi tu, nyingine za dakika nne, anarekodi akiwa kwenye foleni. Ndiye mwenye mzigo mkubwa, na hiyo ndiyo njia yake, sikumwambia abadilike. Nasikiliza nikiwa na kalamu, kisha naandika: "Nimekusikia kaka. Gunia 80, Sagitta, ifike Jumamosi saa 11 alfajiri. Kama kuna nililokosa naomba unisahihishe." Mara nyingi anarudisha dole gumba. Wiki iliyopita alirudisha voisi nyingine, sekunde sita: "Tisini, siyo themanini." Nikaiandika hiyo nayo, 90, nikampigia dereva.